Milioni 123 za uzeeni: fedha nyingi au ndogo?

Mwenzangu mmoja ofisini alinijia na simu mkononi, uso umemng'aa. "Kaka, hebu ona. Nikiweka laki moja kila mwezi, nikistaafu nina milioni 123." Programu ya simu ilikuwa imempigia hesabu: shilingi 100,000 kwa mwezi, miaka 25, faida ya asilimia 10 kwa mwaka. Jibu lilikuwa sahihi. Nami nilipiga kwa mkono wangu nikapata hiyo hiyo milioni 123, ingawa fedha atakazokuwa ameweka kwa mkono wake ni milioni 30 tu. Zilizobaki ni faida iliyozaa faida.

Ila alipoanza kutaja atakavyozitumia, nyumba za kupangisha mbili na gari la biashara, nikajua kuna jambo halijakaa sawa. Alikuwa akizinunua nyumba za mwaka atakaostaafu kwa bei za mwaka huu.

Tangu mjadala wa kikokotoo, yaani fomula ya kukokotoa mafao ya kustaafu, ulipowaka mwaka 2018, kila mfanyakazi Tanzania ana maoni kuhusu mafao. Asilimia ya mkupuo tunaijua kwa kichwa. Lakini swali lenyewe, yaani "nitaishi kwa kiasi gani kwa mwezi, na je, kitatosha?", wachache wameliketia na kalamu. Nitalijibu hapa kwa kumtumia mwenzangu huyu, kwa ruhusa yake, maana hali yake inafanana na ya wengi: ana miaka 35, ni mhasibu katika kampuni binafsi, mshahara ghafi ni shilingi 1,200,000, na ameanza kuchangia mfuko wa pensheni wa NSSF akiwa na miaka 30. Akifika 60 atakuwa na miezi 360 ya michango.

Maneno machache kwanza

Mchango ni kile kinachopelekwa kwenye mfuko kila mwezi kwa jina lako. Kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa mwenzangu aliye NSSF, yeye anakatwa 10 na mwajiri anaongeza 10. Mtumishi wa umma aliye PSSSF anakatwa 5, mwajiri anatoa 15.

Mkupuo ni fedha unayopewa mara moja siku ya kustaafu. Pensheni ni ile ya kila mwezi baada ya hapo, hadi mwisho wa uhai wako.

Mfumuko wa bei ni kasi ya bei kupanda kwa mwaka. Miaka ya karibuni Tanzania umekuwa karibu asilimia 3, ila Desemba 2011 ulifika 19.8, na waliokuwa wakinunua sukari mwaka ule hawajasahau. Kwa hesabu ya miaka 25 mimi natumia asilimia 5. Si utabiri. Ni tahadhari ya mtu anayejua kwamba robo karne haipiti bila mwaka mbaya.

Na kuna neno moja ambalo ndilo kiini cha makala haya: shilingi za leo. Maana yake ni kupima fedha ya kesho kwa kile ambacho ingenunua leo. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 14 hivi zinakuwa mara mbili, na baada ya miaka 25 zinakuwa mara 3.4. Mchele wa shilingi 3,000 kwa kilo utauzwa zaidi ya 10,000. Kwa hiyo ukitajiwa kiasi cha fedha cha miaka 25 ijayo, kigawe kwa 3.4 kwanza ndipo ufurahi au uhuzunike.

Milioni 123 gawa kwa 3.4: ni kama milioni 36 za leo. Mwenzangu akanyamaza kidogo. "Hapo hata kiwanja na msingi..." Hakumalizia.

Kikokotoo si kibubu

Kabla ya kugusa akiba yake binafsi, tulianza na kile ambacho mfuko utampa. Hapa ndipo uvumi ulipojaa zaidi, na wa kwanza ni huu: "Michango yangu yote ingewekwa benki ningepata zaidi." Inawezekana ikawa kweli kwa mtu fulani, inawezekana isiwe, lakini swali lenyewe linachukulia kwamba mfuko ni kibubu, kwamba unachoweka ndicho unachovunja baadaye. Sivyo. Katika fomula ya pensheni, jumla ya michango yako haimo kabisa. Kilichomo ni vitu viwili: miezi uliyochangia na mshahara wako wa mwishoni. Mfuko umekupa ahadi, na ahadi hiyo imeandikwa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe inayotumika tangu Julai 2022 ni fupi. Chukua wastani wa mshahara wa miaka 3 uliyolipwa vizuri zaidi, zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, gawa kwa 580. Hiyo ni pensheni kamili. Kisha sehemu yake inakatwa na kugeuzwa mkupuo, sehemu inayobaki ndiyo ya kila mwezi.

Namba 580 inatisha bila sababu. Ni miezi ya miaka 48 na miezi 4. Maana yake, angekuwapo mtu wa kuchangia muda wote huo, pensheni yake kamili ingelingana na mshahara. Mwenzangu atakuwa na miezi 360, kwa hiyo anapata 360 juu ya 580, yaani asilimia 62. Kila mwezi mmoja wa michango ni tofali moja kati ya 580. Shika hilo, tutalirudia mwishoni.

Sehemu inayogeuzwa mkupuo ndiyo iliyogombewa. Waliokuwa kwenye mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF walizoea kugeuza nusu ya pensheni, kwa fomula iliyokuwa na 540 badala ya 580, wakati wanachama wa mifuko mingine waligeuza robo. Kanuni za 2018 zilipotaka wote wawe kwenye 25, kelele zikawa kubwa hadi Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 ikaja 33 kwa wote, na bajeti ya Juni 2024 ikapandisha: 40 kwa waliotoka kundi la nusu, 35 kwa waliotoka kundi la robo. Mwenzangu yuko kundi la pili, kwa hiyo tunatumia 35.

Kiasi kilichogeuzwa huzidishwa kwa 12.5, na hapa kuna uvumi wa pili unaokera: eti mstaafu analipwa miaka 12 na nusu kisha pensheni inakatika. Hapana. Hiyo 12.5 ni kipimo cha kubadilishia tu: kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoiachia leo unapewa shilingi 12.50 mkononi. Pensheni iliyobaki unaendelea kuipokea ukiwa na 73, 80 au 95.

Sasa tuweke namba za mwenzangu, zote kwa shilingi za leo, tukichukulia mshahara wake utapanda sambamba na bei na si zaidi. Kuna mtego mdogo hapa ambao wengi hawauoni. Fomula inachukua wastani wa miaka 3, na kama mshahara unapanda kila mwaka, wastani huo uko chini ya mshahara wa mwisho. Kwa mfumuko wa asilimia 5, milioni 1.2 inashuka hadi kama 1,143,700. Mfumuko umekwisha kula kabla hujatoka hata ofisini.

Asilimia 62 ya hapo ni karibu 710,000. Toa asilimia 35 ya mkupuo, inabaki pensheni ya shilingi 461,000 kwa mwezi. Mkupuo wenyewe ni kama milioni 37.3.

Karatasi atakayopewa siku hiyo haitasema hivyo, bila shaka. Itasema pensheni ni zaidi ya milioni 1.5 kwa mwezi na mkupuo ni kama milioni 126. Ni fedha ile ile, imevaa nguo za mwaka ule.

Anahitaji kiasi gani?

Hapa watu wengi husema "nataka asilimia 70 ya mshahara" kwa sababu wameisikia mahali. Mimi sipendi njia hiyo. Mshahara ghafi hauliwi. Mwenzangu anapokea mkononi kama 928,000 baada ya NSSF na kodi ya mapato, na humo anatoa akiba, ada za shule za watoto wawili na nauli ya kuja kazini. Tulichukua daftari tukapitia matumizi yake ya mwezi, moja moja. Ada zitakuwa zimekwisha akiwa na miaka 60. Nauli ya kila siku haipo. Dawa na bima ya afya vitaongezeka, na hapo tuliongeza kwa mkono mkarimu kwa sababu uzee na hospitali ni majirani. Tukafika shilingi 700,000 kwa mwezi, shilingi za leo, akiwa anaishi nyumba yake mwenyewe.

Hilo la nyumba liwekee alama.

Pensheni ni 461,000, mahitaji ni 700,000. Pengo ni 239,000 kwa mwezi. Ni pengo la kawaida kabisa, wala si dalili kwamba mfuko umemdhulumu. Mfumo wa asilimia 62 kisha toa theluthi haukuwahi kuahidi zaidi ya hapo.

Pengo la kila mwezi tunaligeuza kuwa fungu la fedha linalotakiwa kuwapo siku ya kustaafu. Fikiria pipa la maji unalochota ndoo moja kila siku, huku bomba dogo likiendelea kudondosha. Bomba ni faida ya fedha iliyobaki kwenye uwekezaji. Tukisema fungu litumike miaka 25, kutoka 60 hadi 85, na faida yake baada ya kustaafu iwe asilimia 3 juu ya mfumuko (kidogo, kwa kuwa mzee hachezi na hatari), basi kila shilingi 1,000 unayotaka kwa mwezi inahitaji fungu la kama shilingi 212,000. Pengo la 239,000 linadai fungu la milioni 50 na nusu.

Nilipofika hapo niliona nimemaliza, nikanyanyuka. Kisha nikakumbuka jambo nikarudi kukaa.

Mkupuo una kazi usiyoijua

Hesabu hiyo inachukulia kwamba pensheni itapanda pamoja na bei. Haipandi yenyewe. Huongezwa pale mfuko na Serikali wanapofanya tathmini na kuamua, na kati ya nyongeza moja na nyingine inaweza kupita miaka. Chukua hali mbaya kabisa, kwamba haitaongezwa hata mara moja. Zile 461,000 za siku ya kwanza, mwenzangu akifika 70 zitakuwa zinanunua vitu vya 283,000. Akifika 80, vya 174,000. Namba kwenye ujumbe wa benki haijabadilika hata senti, ni kikapu cha sokoni kilichobadilika.

Nikajiuliza: huo upungufu wote wa miaka 25, ukiugeuza fungu moja la siku ya kustaafu, ni kiasi gani? Nikapiga. Ikaja milioni 37 na ushei.

Nikatazama tena mkupuo wake: milioni 37.3.

Kulingana kwa namba hizo mbili kiasi hicho ni bahati ya mfano huu. Ukibadilisha mfumuko, zitaachana. Lakini somo lililomo halitegemei bahati. Mkupuo, ambao sote tumeuona kama zawadi ya mwisho ya kazi, ndani ya hesabu unafanya kazi ya kuziba tundu ambalo mfumuko unatoboa kwenye pensheni. Anayeuchukua akaununulia basi dogo lililokwisha kuchoka hajatumia fedha ya ziada. Ametumia chakula cha miaka ya sabini na themanini.

Ndiyo maana ugomvi wa asilimia 33 au 40 mimi huuona umechukua nafasi kubwa kuliko unavyostahili. Mkupuo ukikua, pensheni ya kila mwezi inapungua. Kwa anayeuwekeza mkupuo wake vizuri, asilimia kubwa ina faida. Kwa anayeumaliza ndani ya miaka miwili, na sote tunawajua wengi, asilimia kubwa ni hasara yenye furaha ya muda.

Na nyumba je? Mwenzangu alikuwa na mpango wa kumalizia nyumba kwa mkupuo, kama wafanyavyo wengi. Hilo halikatazwi, ila tuliandika gharama yake. Mkupuo ukiwa umebaki kuziba tundu, akiba yake binafsi inatakiwa ifike milioni 50.5. Mkupuo ukienda kwenye mabati na vigae, akiba inatakiwa ifike karibu milioni 88. Aliamua nyumba aimalize kabla, kidogo kidogo, akiwa bado na mshahara.

Sasa ile laki moja

Turudi kwenye programu ya simu. Faida aliyoweka ilikuwa asilimia 10 kwa mwaka. Si ya ajabu kwa mtu anayenunua hati fungani za Serikali za muda mrefu au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS, lakini hakuna aliyemhakikishia miaka 25 mfululizo. Kwenye vipande bei hupanda na kushuka, na kwenye hati fungani viwango vya minada hubadilika, kwa hiyo riba atakayoipata mwakani si lazima ifanane na ya leo.

Mfumuko ukiwa 5, faida halisi si 10. Wengi husema ni 10 toa 5, sawa na 5, na kwa mazungumzo ya barazani inatosha. Hesabu kamili ni kugawa: 1.10 gawa kwa 1.05, unapata asilimia 4.76. Sababu ni kwamba faida yenyewe nayo italipwa kwa shilingi zilizochuja. Tofauti ni ndogo kwa mwaka mmoja, ila ukiizidisha kwa miaka 25 inaonekana.

Akiweka 100,000 kila mwezi bila kubadilisha, anafika kwenye zile milioni 36 za leo. Anahitaji 50.5. Hazitoshi, na sasa tunajua zinapungua kwa kiasi gani.

Lakini tatizo haliko kwenye laki moja. Liko kwenye kuigandisha. Laki ya mwaka wa 20 itakuwa na thamani ya kama 38,000 za leo, huku mshahara wake ukiwa umeshapanda. Akiongeza mchango wake asilimia 5 kila Januari, yaani 105,000 mwaka wa pili, 110,250 wa tatu, na kuendelea, fungu linafika milioni 55 za leo. Linapita lengo. Kwa mtindo huo hata 92,000 ya kuanzia ingetosha. Asiyetaka kuongeza kila mwaka anaweza pia, ila itambidi aanze na 139,000 leo na kuishikilia hivyo hivyo hadi mwisho.

Anayetaka kujipigia anaweza kutumia Excel. Mstari wa kwanza hapa ni pensheni ya mwezi, wa pili ni akiba ya mwezi inayotakiwa kufikia milioni 50.5:

```
=360/580*1143700*0.65
=PMT((1.10/1.05)^(1/12)-1,300,0,-50500000)
```

Mstari wa pili utakupa kama 89,200, siyo 92,000. Hujakosea. Fomula inachukulia unaongeza mchango kila mwezi kidogo kidogo, wakati binadamu huongeza mara moja kwa mwaka, basi jazia kama asilimia 3. Badilisha 360, 1143700, 0.65, 300 na 50500000 ziwe zako: miezi yako, wastani wako, sehemu inayobaki baada ya mkupuo, miezi uliyobakiwa nayo, na fungu unalolilenga.

Namba ya kuichezea zaidi ni ile 1.10. Tuliishusha iwe 1.08, mwenzangu akitaka kuona jambo baya. Mchango wa kuanzia ukapanda kutoka 92,000 hadi kama 119,000. Kwa hiyo laki yake inabeba faida ya asilimia 10, haibebi ya 8. Tulikubaliana kwamba kila baada ya miaka 3 ataurudia mstari huo kwa fungu halisi atakalokuwa nalo, si la kufikirika, na kama faida imekuwa ndogo atagundua akiwa na muda wa kurekebisha. Makadirio ya miaka 25 yanayofanywa mara moja tu ni kama kupiga ramli.

Tulijaribu pia kuchelewa. Angeanza akiwa na 45, kwa kila kitu kingine vile vile, angehitaji kama 199,000 kwa mwezi za leo. Ni zaidi ya mara mbili, japo muda umepungua kwa miaka 10 tu. Miaka ya mwanzo ndiyo inayozaa.

Kinachoharibu hesabu nzuri

Hesabu yote hii imesimama juu ya namba mbili ambazo mfanyakazi huziamini bila kuzitazama: miezi 360 na mshahara.

Upande wa mshahara, fomula inatumia mshahara uliochangiwa. Mtumishi wa umma anachangia kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo posho zake, hata ziwe nono kiasi gani, haziingii kwenye pensheni. Anayelipwa nusu ya kipato kwa posho ajue pengo lake ni kubwa kuliko la mwenzangu. Sekta binafsi kuna ujanja mwingine: mwajiri anakulipa 1,200,000 lakini kwenye mfuko anatangaza 600,000. Makato yanakuwa madogo, mfanyakazi anafurahi, na pensheni inakatika nusu. Utambuzi wake ni rahisi: asilimia 20 ya mshahara wako ghafi ilingane na mchango ulioandikwa kwenye taarifa yako ya mfuko. Kwa milioni 1.2 ni 240,000. Ukiona 120,000, anza kuuliza.

Upande wa miezi, inayohesabiwa ni iliyofika kwenye mfuko. Kukatwa kwenye hati ya mshahara hakutoshi. Na ukistaafu ukiwa chini ya miezi 180, yaani miaka 15, hupati pensheni ya kila mwezi kabisa, unalipwa mara moja na kuagana.

Nilimwambia mwenzangu aombe taarifa yake ya michango. Amefanya kazi miaka 5, kwa hiyo inatakiwa miezi 60. Alipoipata, tulihesabu mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa 53. Miezi 7 ya mwajiri wake wa kwanza haikuwapo, ingawa hati za mshahara za miezi hiyo zinaonyesha wazi kwamba alikatwa.

Kila mwezi mmoja kwake ni kama shilingi 1,280 za pensheni ya mwezi, shilingi za leo. Miezi 7 ni karibu 9,000 kila mwezi kwa maisha yake yote, na kama laki 7 na elfu 25 za mkupuo. Hati zake za mshahara bado anazo, kwenye bahasha ya kaki chini ya vyeti vya watoto. Wiki hii amezitoa nakala, akaandika barua kwa mfuko na nyingine kwa mwajiri yule wa zamani, na laki moja ya kwanza ya vipande ameshaiweka.